Moja katika Kumi

Fundi aliyetumwa kutoka makao makuu alifika kituoni na futi ya chuma. Aliipima mashine ya kumenya kahawa kila upande, kisha akapima mlango wa banda. Kuhusu kahawa hakuuliza lolote. Alipomaliza aliomba maji ya kunywa, akashukuru vizuri tu, akapanda gari na kuondoka. Dada yangu, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, alisimama akiangalia vumbi likishuka kuelekea barabara ya Mbinga.

"Mtu hapimi mlango," akaniambia, "kama hana mpango wa kupitisha kitu."

Mimi wakati huo nilikuwa karani wa kampuni ya kahawa yenye kituo kile, ofisi ya tawi pale Mbinga mjini. Ilikuwa miaka ile soko la kahawa lilipokwisha kufunguliwa kwa kampuni binafsi, na kila msimu tuliona gari lenye nembo mpya mlangoni. Kampuni yetu ilitoka Moshi. Ilijenga kituo kwenye mlima wetu, upande wa Kingerikiti, mahali ambapo siku ya mbingu safi unaliona Ziwa Nyasa chini kule, la buluu na limetulia, utadhani halijawahi kumchukua mtu. Ardhi ya kituo ilitoka kwa ukoo wetu. Aliyewashawishi wazee kuitoa alikuwa dada, na aliyezunguka nyumba kwa nyumba akiwaambia watu waachane na mashine zao za mkono alikuwa yeye huyohuyo. Watu walimsikia. Wengine waliziuza mashine hizo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wengine walizigeuza vizuizi vya mlango wa zizi la nguruwe.

Kwa hiyo kituo kikiondoka, mlima mzima ungebaki na kahawa mbivu mkononi na hakuna pa kuimenyea. Ingebidi ikaushwe na ganda lake, iwe nyeusi, na iuzwe kwa walanguzi kwa bei ya kuudhi. Watu wangemtazama nani? Dada alijua, na mimi nilijua, na fundi yule mwenye futi alijua kidogo pia, kwa sababu hakumtazama machoni.

Nilimuuliza meneja wa tawi. Alikuwa mtu wa maneno laini, mwenye tabia ya kufunga mlango hata kama anakuuliza saa ngapi. Alisema ni kweli, Mkurugenzi amechoka na kahawa ya kituo chetu. Kila siku tuliyomenya kahawa, ile ya siku hiyo ilivundikwa pamoja, ikaoshwa pamoja, ikaanikwa kwenye kichanja chake na kupewa alama yake. Hilo ndilo tuliloliita fungu. Mafungu yalipofika Moshi yalichomwa kidogo, yakapikwa, mwonjaji akayaonja. Msimu uliopita, mafungu matatu katika kila kumi yalishindwa. Yalikuwa na uchachu, au harufu mbaya zaidi ya uchachu. Kuna mlima mwingine, upande wa Mbeya, ulioomba mashine.

"Mwandikieni," alisema meneja. "Lakini isitoke kwangu. Itoke kwenye kikundi."

Nilikwenda nyumbani nikaandika kurasa mbili. Nilianza na salamu, nikaingia kwenye historia ya kituo, nikaomboleza barabara, nikataja watoto wanaosomeshwa kwa kahawa. Nilijipenda sana jioni ile. Asubuhi meneja alizisoma akiwa ameegemea kabati, akanirudishia kama mtu anayerudisha samaki aliyekaa juani.

"Yule mzee anasoma barua pepe akiwa amesimama," alisema. "Mstari wa nne hauoni. Mpe mitatu. Wa kwanza useme tatizo lake, si lenu. Wa pili umpe kitu kimoja atakachoweza kukipima mwenyewe bila kuwauliza ninyi. Wa tatu useme mnataka nini. Salamu aweke mwenyewe."

Dada alishuka mjini siku ya soko, akakaa ofisini kwangu na kikapu chake miguuni. Kwa mstari wa kwanza hatukubishana. Wa pili tulibishana kweli. Mimi nilitaka tuahidi kuongeza ubora. Akaniuliza ubora unapimwa kwa debe au kwa futi. Nikasema tuseme wakulima wafundishwe. Akasema kufundishwa hakuonjwi. Alinitazama kwa ile huruma ya dada mkubwa ambayo mpaka leo inanipandisha hasira.

"Yeye analalamikia matatu katika kumi," alisema. "Mpe moja."

"Tukishindwa?"

"Andika hilo pia. Unaombaje kitu cha mtu huku umeficha mikono nyuma?"

Hivyo ndivyo mistari ile ilivyozaliwa. Naikumbuka yote, maana niliiandika na kuifuta mpaka kidole kikauma:

*Msimu uliopita, katika kila mafungu kumi ya kahawa ya kituo chetu, matatu yalishindwa kwa mwonjaji.*
*Msimu huu halitashindwa fungu zaidi ya moja katika kumi.*
*Tunaomba mashine ibaki hadi msimu uishe. Tukizidisha hapo, ihamishe.*

Chini nikaweka jina la dada na cheo chake. Kompyuta ilikuwa moja, na kwenda hewani kulitegemea laini ya simu, ambayo mvua ikinyesha Songea ilikatika Mbinga. Nilichomoa simu, nikachomeka modemu, ikalia na kukwaruza, ikakata. Mara ya pili ikashika. Barua ikaenda. Dada aliuliza kama imefika tayari, nikamwambia imefika, akacheka kwa furaha ya kweli, kisha akafunga kikapu chake na kwenda kutafuta chumvi.

Jibu lilikuja kesho yake. *Nimekubali. Moja katika kumi. Matokeo ya mwonjaji ndiyo yatakayosema.* Basi. Meneja alilisoma begani kwangu akasema hongereni, lakini aliondoka haraka, akafunga mlango wake, nami nikaisoma upya barua yetu. Kabla ya barua ile kituo kilikuwa katika hatari ya aina zote, na mtu angeweza kukitetea kwa aina zote. Sasa ilibaki hatari moja tu, na tulikuwa tumeichora wenyewe.

Dada aliishika ahadi ile kama mtu aliyebeba chungu cha moto. Aliweka sheria: kahawa ichumwe asubuhi, ifike kituoni alasiri, imenywe jioni hiyohiyo. Kahawa mbivu ikilala guniani inapata joto, inachemka yenyewe, na ukiimenya punje zake zinanuka. Punje chache tu za namna hiyo zinaharibu kikombe cha mwonjaji. Kwa hiyo alisimama mlangoni kila alasiri na kuingiza mkono ndani ya kila gunia mpaka kwenye kiwiko. Gunia baridi lilipita. Lenye joto lilirudi nyumbani, na hakujali ni la nani. Mume wake mwenyewe alirudishiwa gunia moja mbele za watu, akaenda nalo kimya, na jioni hakula.

Mafungu ya kwanza yalipita yote. Kila majibu yalipokuja kutoka Moshi niliyapeleka mlimani siku ya Jumamosi nikiwa juu ya mizigo ya pikapu, na watu waliyapokea kama matokeo ya mtihani. Hata hivyo watu walikuwa wamebadilika. Zamani walishusha magunia huku wakitaniana. Sasa walisimama mstarini wakipapasa magunia yao kwa nje, na wengine wakipapasa ya jirani.

Katikati ya msimu, kahawa ikiwa imeiva kwa fujo, ilikuja habari kutoka Ngumbo. Binti wa shangazi yetu alikuwa ameolewa kule ziwani, kwa wavuvi, na mume wake alikuwa amefariki ghafla. Shangazi alikuwa mjane mzee aliyerudi kuishi kwenye mlima wa baba zake. Alilima mahindi kwenye ngoro, yale mashimo ya kwetu ya mteremkoni, na alikuwa na kahawa nzuri ila mikono michache. Siku habari ilipofika alikuwa tayari amechuma na kujaza magunia. Hakuna aliyewaza magunia. Tulishuka ukoo mzima, kwa njia ya mkato, akina mama wakiwa wamebeba unga na maharage kichwani, na magoti ya wazee yakilia njia nzima.

Ngumbo tulizika, tukalala, tukakaa na wafiwa kama inavyotakiwa. Ziwa lilikuwa limechafuka na upepo, mitumbwi imevutwa mchangani, dagaa wa usipa walioanikwa wakinuka kwa sababu jua lilikuwa limegoma. Kwenye harufu ile nilimwona dada ameinua uso. Alikuwa amekaa na wanawake kwenye mkeka, amemshika shangazi mkono, lakini macho yake yalikuwa yametazama juu mlimani. Nilijua anawaza nini na nilimwonea aibu kidogo, kisha nikajionea aibu mimi, maana nami nilikuwa nikiwaza hilohilo.

Tulipopanda tulikuta magunia ya shangazi yakiwa bado barazani. Nyumba nyingine zilikuwa hazijachuma, au zilikuwa na vijana waliobaki wakapeleka zao. Kahawa ya shangazi peke yake ndiyo iliyolala guniani. Alikodi punda wa jirani, akafika nayo kituoni alasiri hiyo akiwa bado na kanga ya msibani.

"Shikamoo shangazi," dada alimsalimu.

"Marahaba, mwanangu."

Dada aliingiza mkono kwenye gunia la kwanza na nikamwona anautoa haraka. Akajaribu la pili. Aliyatenga magunia pembeni, kwenye majani, akasema kwa sauti ndogo, "Shangazi, hizi zimechemka." Yule mama hakubishana. Alikaa chini kando ya magunia yake, akanyoosha miguu, akaanza kuondoa manyasi kwenye kanga, moja moja. Afadhali angetukana.

Dada aliingia bandani kwenye mizani. Alipoinama kusoma uzito, mwanamke mmoja alitoka mstarini, akachota debe moja kutoka gunia la shangazi, akalimwaga ndani ya gunia lake, akachanganya kwa mkono. Akafuata mwingine. Kwetu hivyo ndivyo mzigo unavyobebwa. Mahindi ya mgonjwa yanapaliliwa hivyo, deni la ada linalipwa hivyo, kila mtu akichukua kipande kidogo mpaka kisionekane. Niliguswa sana, sitadanganya. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikiona wema mtupu.

Kisha mama mmoja mwenye akili akasema wasiweke zote leo, zitaonekana. Wachukue kidogo leo, kidogo kesho, kidogo keshokutwa. Wote wakakubali kuwa hiyo ni busara.

Niligeuka nikamwona dada. Alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mizani, na alikuwa ameona. Alitazama wanawake, akamtazama shangazi aliyekuwa amekaa kwenye majani, kisha akainama tena akasoma uzito kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Hesabu yake ni rahisi, na ni kwa sababu ni rahisi ndiyo inauma. Kahawa yote ile ya shangazi ingemwagwa siku moja, ingeharibu fungu moja. Msimu mzima tulimenya mafungu ishirini na kidogo. Fungu moja tulikuwa tumeruhusiwa, hata mawili. Tungeweza kumchukua shangazi na msiba wake wote, tukabaki ndani ya ahadi. Lakini waliigawa. Waliigawa kwa upendo, siku nne mfululizo, na kila siku iliyopita ile iliyobaki guniani ilizidi kuoza. Kuigawa hakukuipunguza. Kulihamisha harufu kutoka kichanja kimoja kwenda vinne.

Kwa wiki kadhaa baadaye sikupata usingizi mzuri. Nilipita kwenye vichanja vile nikainama kunusa, na siku nyingine nilinusa kitu, siku nyingine nikajiambia ni maganda yaliyotupwa bondeni. Dada hakuja kunusa. Alikuwa ameanza kupungua mwili. Nilimuuliza mara moja tu, tukiwa wawili, kwa nini hakuwazuia.

"Ungewazuia wewe?" aliniuliza.

Majibu yalikuja kidogo kidogo. Limepita. Limepita. Kisha likaja lililoshindwa, na chini yake mwonjaji ameandika: harufu, kahawa iliyochemka guniani. Siku ya pili yake jingine, maneno yaleyale. Kisha la tatu. La nne lilipokuja meneja alikuwa amesimama nyuma yangu, na safari hii hata mlango hakufunga.

Mkurugenzi aliandika jioni hiyo. Nadhani aliipenda ile namna yetu ya kuandika, kwa sababu na yeye alitupa mistari mitatu. *Mmezidisha. Mwonjaji anasema mafungu yote manne yameharibiwa na kahawa moja, ya siku moja, si na uzembe wa kituo kizima. Nipeni jina la aliyeileta, atolewe, mashine ibaki. Bila jina naihamisha.*

Kwa haki niseme hakuwa mtu mbaya. Angeweza kuing'oa mashine siku ileile, kwa ruhusa yetu tuliyoiandika wenyewe. Alifikiri anatuonea huruma. Mimi nilitamani angekuwa katili tu, tumchukie tukalale.

Nilimpelekea dada ujumbe, akashuka na pikapu ya kwanza. Alisoma jibu lile kwenye kioo cha kompyuta, polepole, midomo ikicheza. Nilimwambia tuna siku chache za kufikiri. Nilimwambia tunaweza kusema haijulikani. Nilimwambia, na nilisema kwa sauti ya chini, kwamba shangazi ni mzee, miti yake michache, huenda hata asingeumia sana.

"Andika," alisema.

"Jina gani?"

Akataja lake. Nilikataa. Nilimwambia kahawa yake haijawahi kuwa na joto hata siku moja, mlima mzima unajua, hata kampuni inajua. Alisema kampuni inajua namba tu, na namba haina mdomo. Nilisimama, nikatoka nje, nikarudi. Alikuwa bado amekaa na kikapu chake miguuni, na alikuwa mtulivu kwa namna iliyoniogopesha. Nikaandika. Laini ilishika mara ya kwanza, siku ambayo ningependa ikatike.

*Atolewe kwenye kikundi, yeye na kahawa yake. Mashine inabaki.* Jibu lilifika kabla hajapata gari la kurudi.

Mkutano ulifanyika kituoni. Meneja alisoma uamuzi bila kuinua macho. Watu waliijua kweli, kila mmoja alikuwa na debe lake ndani ya kweli ile. Shangazi alianza kuinuka, akiwa ameshika bega la jirani yake.

"Kaa, shangazi," dada alisema.

Akakaa. Dada akatoa funguo za banda kwenye pindo la kitenge, akamkabidhi mwenyekiti mpya, akaenda nyumbani kwa njia ya shambani.

Msimu uliofuata nilikuwa na hakika ya jambo moja. Niliamini watu wale wangechukua kahawa ya dada, debe kwa debe, waichanganye na zao, na safari hii isingeharibu kitu chochote kwa sababu ilikuwa kahawa safi kuliko zote. Nilingoja kuliona hilo. Nilipanda mlimani alasiri nyingi za uchumaji kwa visingizio vya ofisi, nikasimama mlangoni mwa kituo. Mwenyekiti mpya aliingiza mkono kwenye magunia, na kila mtu aliangalia gunia la mwenzake. Walipopita mbele ya nyumba ya dada wakiwa na mizigo walimsalimu kwa adabu, wakaongeza mwendo. Hakuna aliyechukua hata debe moja.

Matokeo ya mwisho yalipofika nilikwenda kumpa habari. Nilimkuta nyuma ya nyumba, amepiga magoti kwenye turubai, anageuza kahawa yake iliyokaushwa na ganda, nyeusi, ile ya walanguzi. Nilimwambia kituo kimetimiza ahadi na zaidi: halikushindwa fungu hata moja. Mkurugenzi ameandika hongera, na mashine haiendi popote.

Alitabasamu, na nadhani alifurahi kweli. Akauliza habari za fulani na fulani, kisha akauliza kahawa ya shangazi msimu huu ilipelekwa na nani.

Nikamwambia ilirudishwa mlangoni, mara mbili, ikaachwa kwenye majani. Hakuna aliyeichukua.

Mkono wake ulisimama juu ya turubai.

"Ndiyo maana," alisema. "Ndiyo maana kahawa ya kituo imekuwa safi."

Kisha akaendelea kugeuza.